Sakiti ya umeme: kuifundisha kwa mzunguko au kwa mkupuo?

Anayeandaa azimio la kazi la sayansi hukutana na uamuzi huu mapema sana. Mada nzito kama sakiti ya umeme anaweza kuigawa vipande, akaigusa kidogo shule ya msingi, akairudia kidato cha pili, kisha akaizamia kidato cha tatu. Au anaweza kungoja darasa likomae, aifundishe yote kwa wiki chache mfululizo na aifunge. Njia ya kwanza ndiyo mtaala wa mzunguko. Ya pili tutaiita mkupuo. Ulinganisho huu unazipima zote mbili kwa mada hiyohiyo moja, kwa sababu mzunguko ukijadiliwa kijumla huonekana mzuri siku zote, na kasoro zake hujitokeza pale tu mtu anapouliza mwanafunzi atafanya nini hasa kipindi cha tatu cha kidato cha pili.

Njia zenyewe

Wazo la mzunguko linahusishwa zaidi na Jerome Bruner, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1959, miaka miwili baada ya Wasovieti kurusha setilaiti yao ya Sputiniki, wanasayansi na wataalamu wa elimu walikutana Woods Hole, Massachusetts, kutafakari jinsi sayansi inavyofundishwa shuleni. Mwaka uliofuata Bruner alitoa kitabu kilichotokana na mkutano huo. Hoja yake ilikuwa kwamba mawazo ya msingi ya somo yanaweza kufundishwa kwa mtoto mdogo bila kudanganywa, mradi yapewe sura anayoweza kuishika, kisha mtaala uyarudie tena na tena hadi yawe kamili. Kurudia tu hakutoshi. Kila ziara lazima iongeze kitu ambacho ziara iliyotangulia haikuwa nacho.

Walimu wa Afrika Mashariki wameishi na mpangilio huu kwa miaka mingi, hata pale ambapo hakuna aliyeutaja kwa jina. Katika muhtasari wa Fizikia wa sekondari uliotumika Tanzania kabla ya mabadiliko ya 2023, mwanga ulikuwa kidato cha kwanza ukarudi kidato cha tatu, na umeme wa mkondo ulikuwa kidato cha pili ukarudi cha tatu. Kenya, chini ya mfumo wa elimu wa 8-4-4, umemetuli na umeme wa mkondo viliandikwa kabisa kwa namba: sehemu ya kwanza mapema, sehemu ya pili kidato cha tatu. Sayansi Jumuishi ya sekondari msingi ya Kenya, iliyoanza na gredi ya 7 mwaka 2023, nayo imejengwa kwa nyuzi zinazopita gredi ya 7 hadi ya 9.

Mfano bayana wa mkupuo ni Ufilipino ya zamani. Kabla ya mageuzi yaliyoanza 2012, mwanafunzi wa sekondari alisoma sayansi ya jumla mwaka wa kwanza, baiolojia wa pili, kemia wa tatu na fizikia wa nne. Fizikia ilikuwa na mwaka wake mzima na mwalimu wake. Baadaye nchi hiyo iligeukia mzunguko: kila mwaka, kuanzia gredi ya 7 hadi ya 10, uligawanywa robo nne, na kila robo ilishughulikia eneo moja kati ya maada, viumbe hai, nguvu na nishati, na dunia na anga. Tutairudia Ufilipino, kwa sababu inaonyesha tatizo ambalo muhtasari wa karatasi hauonyeshi.

Vipindi 24, mara mbili

Tuchukue vipindi 24 vya dakika 40 kwa sakiti, kwa njia zote mbili, ili tulinganishe sawa kwa sawa.

| | Mzunguko | Mkupuo |
|---|---|---|
| Mgawanyo | 6 darasa la tano, 8 kidato cha pili, 10 kidato cha tatu | 24 kidato cha tatu, wiki 6 kwa vipindi 4 kwa wiki |
| Vipindi vya kukumbushia | karibu 2 kila ziara ya kurudi, jumla 4 | karibu hakuna |
| Muda wa wazo kukomaa | miaka | wiki |
| Walimu wanaohusika | watatu, pengine shule mbili | mmoja |
| Vifaa | hutolewa kabatini mara tatu, kwa madarasa matatu | mara moja, kwa darasa moja |
| Hatari kubwa | ziara ya pili kuwa marudio ya kwanza | anayekosa wiki mbili hukosa mada nzima |

Vile vipindi vinne vya kukumbushia ni makadirio ya kupangia, na vinaweza kuwa vingi zaidi. Ndiyo gharama ya mzunguko ambayo wengi husahau kuiandika katika azimio la kazi, kisha wanashangaa kwa nini mada haiishi kwa wakati.

Mzunguko ukifanya kazi unavyoonekana

Thamani ya mzunguko katika sakiti inatokana na jambo lililothibitishwa tangu tafiti za miaka ya 1980 huko New Zealand na Uingereza. Watoto huja darasani na mawazo yao kuhusu umeme, mawazo hayo hufanana kutoka nchi hadi nchi, na hayang'oki yote siku moja. Matatu kati yake ndiyo yanayosumbua zaidi. La kwanza: waya mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye balbu unatosha. La pili: mkondo huliwa na balbu, hivyo unaorudi ni pungufu. La tatu: betri hutoa mkondo uleule siku zote, chochote kitakachounganishwa nayo. Kila wazo lina umri wake mwafaka wa kulikabili, na hapo ndipo ziara tatu zinapopata maana.

Ziara ya kwanza, darasa la tano. Kila kikundi kipewe betri moja ya tochi ya volti 1.5, balbu moja ya tochi isiyo na kishikio, na kipande kimoja cha waya chenye urefu wa sentimita 15, kilichomenywa ncha zote mbili. Kazi ni moja: iwashe. Watoto wengi huanza kwa kusimamisha balbu juu ya betri bila waya, au kwa kuunganisha waya kutoka kichwa cha betri hadi kitako cha balbu. Balbu haiwaki. Wengine huunganisha waya kichwa kwa kitako cha betri na kuukuta unapata joto. Hapo wauachie waya mara moja, kwa sababu betri inaisha na vidole vinaungua. Mwishowe kuna kikundi kitakachogundua kwamba balbu ina sehemu mbili za kugusa, nukta ya chini na ubavu wa chuma wenye hesi, na kwamba zote mbili lazima ziwemo katika njia inayozunguka. Ziara hii haihitaji neno ukinzani wala volteji. Inahitaji kila mtoto achore njia nzima kwa penseli, ndani ya balbu pia, bila kuinua mkono. Mtoto anayechora waya ukiishia kwenye glasi bado hajapata.

Usimpe kishikio cha balbu siku hiyo. Kishikio huficha zile sehemu mbili za kugusa, na mtoto hujifunza kwamba kishikio kina skrubu mbili badala ya kujifunza kwamba balbu ni njia ya kupita.

Ziara ya pili, kidato cha pili, inalenga wazo la mkondo kuliwa. Unganisha betri mbili, balbu mbili zinazofanana za volti 2.5 na ampea 0.3 kwa mfuatano, na ammita ya 0 hadi 1 A. Kabla ya kupima, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari anatarajia ammita isome nini kabla ya balbu ya kwanza, kati ya balbu, na baada ya balbu ya pili. Wengi wataandika namba zinazoshuka. Kisha pima: kila mahali utapata karibu 0.2 A.

Hapa kuna mtego unaoharibu kipindi kizima. Ukitumia ammita mbili au tatu kwa wakati mmoja, zitatofautiana kidogo kwa sababu ya sifuri zake kutokaa sawa. Moja itasoma 0.22, nyingine 0.20, na mwanafunzi mwenye wazo la mkondo kuliwa ataona ushahidi wake ubaoni. Tumia ammita moja tu, uihamishe. Na kwa kuwa betri hudhoofika sakiti ikiwa imewashwa, irudishe ammita mahali pa kwanza mwishoni na usome tena. Kama usomaji wa mwanzo umeshuka kutoka 0.22 hadi 0.20, darasa litaelewa kwamba tofauti ilitokana na muda uliopita, mahali pa kupimia hapahusiki. Kipimo hicho cha nne huchukua dakika moja na huokoa wiki.

Ziara ya tatu, kidato cha tatu, inakabili wazo kwamba betri hutoa mkondo uleule. Betri mbilimbili zinazotoa volti 3, rezista ya 10 Ω na ya 20 Ω. Kwa mfuatano ukinzani ni 30 Ω na hesabu inatoa 3 ÷ 30 = 0.1 A, huku volti 1 ikiwa kwenye rezista ndogo na volti 2 kwenye kubwa. Kwa sambamba, ya 10 Ω inapitisha 0.3 A na ya 20 Ω inapitisha 0.15 A, jumla 0.45 A. Betri zilezile, mkondo zaidi ya mara nne. Wazo la tatu linavunjika mbele ya macho.

Lakini ammita haitasoma 0.45. Kama kila betri ina ukinzani wa ndani wa 0.5 Ω, jumla ni 1 Ω, na ukinzani wa sambamba ni 6.67 Ω, basi mkondo ni 3 ÷ 7.67, yaani karibu 0.39 A, na voltimita kwenye ncha za betri itasoma karibu 2.6 V badala ya 3. Katika mfuatano tofauti haikuonekana, kwa sababu 1 Ω juu ya 30 Ω ni ndogo mno. Mwalimu asiyetarajia hili husema "kifaa kibovu" na kupoteza nafasi nzuri kuliko zote katika mada. Anayelitarajia analitumia kuingiza ukinzani wa ndani, ambao upo katika muhtasari vilevile.

Jambo jingine la ziara hii: sheria ya Omu usiionyeshe kwa balbu. Nyuzi za tangsteni zikiwa baridi zina ukinzani wa takriban sehemu moja ya kumi ya ule zinapowaka, hivyo grafu ya volteji kwa mkondo hupinda. Balbu ilitosha katika ziara mbili za kwanza, na katika ya tatu inafaa kama mfano wa kisichofuata sheria, baada ya rezista kuonyesha mstari ulionyooka.

Ukiangalia ziara hizi tatu pamoja, utaona kila moja ina swali lake, kifaa kipya, na kosa maalumu linalovunjwa. Mzunguko wa namna hiyo una nguvu ambayo mkupuo hauna. Mwanafunzi wa kidato cha tatu hapambani na mawazo matatu potofu ndani ya mwezi mmoja, mawili yalishatikiswa. Na kule kukumbuka jambo baada ya kulisahau kidogo huliimarisha kuliko kulisoma mfululizo, jambo ambalo wanasaikolojia wameliona tangu majaribio ya Hermann Ebbinghaus yaliyochapishwa 1885.

Mahali mzunguko unapokatika

Mzunguko huharibika kwa njia chache zinazojirudia, na mwalimu mwenye jicho anaweza kuzitambua mapema.

Ya kwanza ndiyo ya kawaida kuliko zote: ziara ya pili inafanana na ya kwanza. Fungua madaftari ya darasa la tano na ya kidato cha pili, uyaweke sambamba. Kama yote yana mchoro wa betri, swichi na balbu, maana ya kipitishi na kihami, na orodha ya mifano ya kila kimoja, basi hakuna mzunguko, kuna duara tu. Mwanafunzi mzuri anachoka, na aliyeachwa nyuma anadhani anajua kwa sababu maneno ameyasikia. Marekani ililaumiwa kwa jambo hilihili baada ya ulinganisho wa kimataifa wa TIMSS wa 1995: mada nyingi kila mwaka, zikirudi mwaka hadi mwaka, hakuna inayomalizwa. Kinachosababisha ni kwamba muhtasari hutaja jina la mada bila kutaja kinachoongezeka. "Sakiti rahisi" inaweza kuandikwa katika madarasa matatu, na kila mwalimu akaanzia mwanzo kwa nia njema kabisa.

Ya pili ni kurahisisha hadi kudanganya. Mtoto akiambiwa darasa la tano kwamba "umeme hutoka kwenye betri, unaenda kwenye balbu na kutumika huko", sentensi hiyo itakuwa ndiyo kikwazo cha kidato cha pili. Ni afadhali useme pungufu kuliko useme kosa. "Njia lazima izunguke ndipo balbu iwake" ni pungufu, haisemi kinachotembea wala kiasi gani, lakini ni kweli, na hakuna atakayelazimika kuifuta baadaye. Kipimo ni rahisi: chukua kila sentensi ya ubaoni ya ngazi ya chini, umwonyeshe mwalimu wa ngazi ya juu, umuulize kama atalazimika kuikanusha.

Ya tatu ni makabidhiano. Ufilipino ilipohamia mzunguko, mwalimu aliyesomea baiolojia alijikuta robo moja ya mwaka akifundisha nguvu na umeme, na wa fizikia akifundisha urithi na ikolojia. Katika robo isiyo yake, mwalimu hushikamana na kitabu, huacha majaribio, na anafundisha ziara nzima kwa maana na orodha. Gredi za sekondari msingi za Kenya zina sura hiyohiyo: mwalimu aliyesomea masomo mawili anabeba Sayansi Jumuishi yote. Mkupuo wa kizamani, pamoja na kasoro zake, ulimweka mwalimu wa fizikia mbele ya fizikia. Hii si hoja dhidi ya wazo la mzunguko, ila ni hoja nzito dhidi ya kuuanza kabla walimu hawajaandaliwa, na kwa maoni yetu ndiyo inayopaswa kuamua mambo katika shule nyingi.

Ya nne inawahusu sana wasomaji wa Tanzania Bara. Ziara ya shule ya msingi ya serikali hufanyika kwa Kiswahili, na ziara za sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyeelewa kabisa kwamba njia lazima izunguke anaweza kuingia kidato cha pili asitambue kwamba anakutana na jambo analolijua, kwa sababu kila jina limebadilika. Basi zile faida za kurudia hazipatikani. Kwake ni mada mpya. Tiba haihitaji gharama. Kipindi cha kwanza cha ziara ya pili, warudishie betri, balbu na ule waya mmoja, waiwashe tena kimya kimya, wachore njia, kisha majina mapya yaandikwe juu ya mchoro wao. Mkono hukumbuka kile ambacho jina limekificha.

Mkupuo unafaa wapi

Usiuone mkupuo kama njia ya watu wa zamani. Katika wiki sita mwalimu mmoja anaijua kila dalili ya darasa lake, vifaa viko mezani, na jaribio la Jumatatu linaulizwa Jumatano. Hesabu zenye hatua zinazotegemeana huhitaji hivyo. Kwenye kemia, kusawazisha mlinganyo na hesabu za moli zinavunjika zikigawanywa miaka miwili, kwa kuwa nusu ya ujuzi huo haina matumizi peke yake. Katika sakiti yetu, sheria ya Omu na ukokotoaji wa rezista sambamba ni vya aina hiyo. Mwanafunzi afanye vyote hadi mkono uzoee, bila mwaka kupita katikati.

Udhaifu wake unaanza mada ikifungwa. Mtihani wa mada mwishoni mwa wiki ya sita hutoa alama nzuri, na alama hizo hudanganya, kwa sababu zinapima kilichoingia kichwani juzi tu. Miezi minane baadaye mwanafunzi yuleyule anaandika tena kwamba mkondo unapungua baada ya balbu. Kinachopotea hasa ni dhana; fomula hubaki kwa muda, maana huondoka. Na mwanafunzi aliyeugua malaria wiki ya pili na ya tatu hana mlango wa kurudia. Katika mzunguko angalau atakutana na mada tena.

Mkupuo unaweza kurekebishwa kwa bei ndogo. Baada ya kufunga mada, weka swali moja la sakiti mwanzoni mwa kipindi cha mada nyingine: wiki moja baadaye, mwezi mmoja baadaye, na muhula mmoja baadaye. Dakika kumi kila mara, bila daftari. Hapo umeazima faida ya kumbukumbu kutoka kwenye mzunguko bila kubeba gharama ya makabidhiano. Usichoazima ni ule muda wa kukomaa: mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyewasha balbu kwa waya mmoja amepata kitu ambacho maswali ya dakika kumi ya kidato cha tatu hayampi.

Kuchagua

Kabla ya kuamua, lipe darasa la kidato cha pili maswali matatu siku ya kwanza, kwenye karatasi moja, bila alama. Chora betri, balbu na waya mmoja vikiwa vimeunganishwa ili balbu iwake. Ammita kabla ya balbu inasoma 0.2 A, baada ya balbu itasoma ngapi? Balbu moja inawaka. Tukiongeza ya pili kwa sambamba, betri itatoa mkondo uleule, mdogo zaidi au mkubwa zaidi? Kila swali linalenga wazo moja kati ya yale matatu.

Zaidi ya nusu ya darasa wakikosa swali la kwanza, ziara ya shule ya msingi haikufanyika, hata kama muhtasari unasema ilifanyika. Usijenge juu ya hewa: toa vipindi viwili, fanya ziara ya kwanza yote, ndipo uendelee. Wakipata la kwanza na kukosa la pili, mzunguko uko mahali pake na ziara ya pili ina kazi yake. Wakipata yote mawili, usiwarudishe kwenye kipitishi na kihami. Peleka muda huo kwenye la tatu.

Shule ambayo msingi na sekondari ziko chini ya uongozi mmoja, au walimu wa ngazi zote hukutana walau mara moja kwa mwaka, ichague mzunguko kwa mada zenye matabaka: sakiti, chembe za maada, nishati, seli, lishe ya mimea. Iandike sentensi moja kwa kila ziara, inayosema mwanafunzi ataweza nini ambacho mwaka uliopita hakuweza. Sentensi ikishindikana kuandikwa, ziara hiyo ifutwe na vipindi vyake vihamie kwingine.

Shule ya sekondari inayopokea wanafunzi kutoka shule za msingi kumi tofauti, yenye mwalimu mmoja wa fizikia, haina mzunguko wa kutegemea. Ifundishe sakiti kwa mkupuo pale muhtasari unaporuhusu kuunganisha vipindi, ianze na betri moja na waya mmoja hata kama wanafunzi wana miaka kumi na sita, na ipange yale marudio matatu ya dakika kumi katika azimio la kazi, yaandikwe kwa tarehe kama vipindi vingine, kwa sababu yasipokuwa na tarehe hayafanyiki.

Na mahali ambapo muhtasari wa taifa umeshaamua mzunguko na mwalimu hana hiari, bado kuna jambo moja mikononi mwake. Ziara inapoisha, aache karatasi moja katika faili la somo: maswali yale matatu, wangapi walipata kila moja, na sentensi ipi ya ubaoni aliitumia kueleza njia inayozunguka. Mwalimu wa mwaka ujao ataanzia hapo.